Anza na Saidi B: Vile Nilitoa Benga za Guka Kwa Santuri Hadi Kwa Lapi

Guka alinipea katoni ya santuri Disemba, tukiwa ocha. Karibu zote ni zile ndogo za inchi 7, za kuzunguka mara 45 kwa dakika, na nyingi ni benga ya miaka ya sabini. Aliniambia kitu moja tu: "Hizi nisife nazo." Nikarudi Nairobi nazo juu ya mapaja, matatu yote hadi stage, juu singetaka msee aziwekee gunia juu.

Wikendi ya kwanza kejani nilikuwa nimejiamini sana. Nilikuwa na pleya ya sekondi hendi, nikachukua waya zake mbili, nyekundu na nyeupe, nikachomeka moja kwa moja kwa lapi. Maze, kile kilitoka hapo kilikuwa kama mbu ndani ya mkebe. Gita liko mbali, besi haiko kabisa, na mikwaruzo ndiyo imeshika usukani. Nikasukuma volyumu hadi mwisho, mbu akanona tu. Nikaanza kudhani santuri za guka zimeisha.

Hazikuwa zimeisha. Mimi ndiye nilikuwa nasoma nusu ya barua.

Iko hivi. Sindano ikitembea kwa mfereji wa santuri inatoa umeme kidogo sana, kama milivolti 3 hadi 5 kwa katriji za kawaida zenye sumaku. Kompyuta inangoja kitu kama milivolti 300. Hiyo ni karibu mara 100. Lakini kuongeza nguvu peke yake haitoshi, na hapo ndipo wasee wengi hupotea. Ngoma ikichongwa kwa santuri, besi hupunguzwa kwa makusudi na trebo huongezwa. Besi ikiachwa vile ilivyo, mfereji unayumba kwa upana mkubwa hadi unagonga mwenzake, na dakika chache tu zinaingia kwa saidi moja. Trebo inaongezwa ndiyo ikikuja kupunguzwa wakati wa kucheza, ile sauti ya vumbi nayo ishuke pamoja nayo. Kanuni ya hiyo hesabu inaitwa RIAA, na tangu 1954 ndiyo imekuwa ikifuatwa. Chini kabisa besi imekatwa karibu mara 10, juu kabisa trebo imepandishwa karibu mara 10.

Kwa hivyo kati ya pleya na lapi lazima kukae kisanduku kinaitwa fono priampu. Kazi yake ni mbili: kupandisha ile sauti ndogo, na kugeuza hesabu ya RIAA ndiyo besi irudi nyumbani. Usijaribu kurekebisha hiyo kwa kuongeza besi kwa simu au kwa lapi baadaye. Ukifanya hivyo unapandisha pia mngurumo wote uliokuwa umejificha huko chini.

Kabla ununue, geuza pleya ucheki nyuma. Zingine ziko na priampu ndani tayari, na kaswichi kameandikwa `PHONO` na `LINE`. Kakiwa `LINE`, priampu ya ndani inafanya kazi, na waya zinaenda kwa kompyuta bila kisanduku kingine. Kakiwa `PHONO`, unahitaji kisanduku cha nje. Shida ni ukitumia zote mbili kwa wakati mmoja. Utajua haraka: besi inavimba hadi inafunika sauti ya mwimbaji, na kila kitu kinakwaruza hata ukipunguza volyumu. Ukiskia hivyo usiguse chochote kwa lapi, rudi kwa kaswichi.

Mimi nilikopa priampu kwa beshte yangu, na interfesi ndogo ya USB yenye kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti. Interfesi ndiyo inageuza umeme kuwa namba. Lile tundu la maiki la lapi achana nalo. Mara nyingi linashika chaneli moja tu, na limetengenezewa maiki, kwa hivyo sauti inayotoka kwa priampu inalizidi nguvu.

Nikawasha, nikaskia "mmmmm" ya chini isiyoisha. Hiyo ni stima. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na ukiingia kwa waya unavuma hivyo. Pleya nyingi ziko na kawaya kembamba ka graundi kametoka nyuma. Kangu kalikuwa kananing'inia tu. Nilikafunga kwa skrubu ya priampu, mvumo ukashuka. Kulikuwa bado na kasauti kadogo, nikatoa chaja ya lapi nikatumia betri, nako kakapotea. Test yenyewe ni rahisi: sindano ikiwa imeinuliwa, vaa hedifoni upandishe sauti. Kile unaskia hapo si santuri, ni waya zako, na kitaingia kwa kila ngoma utakayorekodi.

Sasa tuingie kwa levo, juu hapa ndipo niliharibu usiku mzima.

Single nyingi za benga zina tabia moja. Ngoma ilikuwa ndefu kuliko saidi moja ya inchi 7, kwa hivyo wakaikata mara mbili: saidi A sehemu ya kwanza, saidi B sehemu ya pili. Kwa saidi A mwimbaji anakupa stori polepole. Kwa saidi B maneno yanapungua, magita yanashikana, besi inapanda, na hapo ndipo watu waliinuka kwa viti. Mimi nikaanza na saidi A kama mtu yeyote. Nikazungusha kitufe hadi vilele vya mwimbaji vikafika `-3` kwa mita ya programu ya Audacity. Nikajipongeza. Nikageuza santuri, na gita la kwanza likaanza kugonga `0`, mita yote nyekundu.

Sifuri kwa mita ya kompyuta ni dari ya simiti. Kanda ya kitambo ukiizidisha inajikunja polepole, namba hazijikunji. Chochote kinachopita hapo kinakatwa bapa, na hakuna kitufe cha kurudisha kile kilikatwa. Ukivuta karibu wimbi la sauti utaona vilele vimenyooka juu kama paa la mabati. Na kuna alama ya pili ya kujua: ukiona vilele bapa na mita inasoma `-6` tu, basi sauti ilikatwa kabla ifike kwa Audacity. Hapo kushusha kitelezi cha Audacity hakusaidii, unashusha tu picha ya kitu kilichovunjika. Rudi nyuma ushushe kwa chanzo.

Kwa hivyo nikabadilisha mpango. Nilianza na saidi B. Nikacheza saidi yote bila kurekodi, nikatafuta pale magita yanawaka zaidi, nikaweka kitufe hadi vilele vya hapo vikasimama karibu `-6`. Halafu nikaacha kitufe hapo hapo na nikarekodi saidi zote mbili bila kukigusa. Saidi A ikaja na vilele kama `-12`. Msee wa kwanza atasema hiyo iko chini. Iko fiti kabisa. Ukirekodi kwa biti 24, nafasi ya chini ni kubwa kuliko kelele ya santuri yoyote, kwa hivyo hujapoteza kitu. Na ile tofauti kati ya A na B si kosa. Ni bendi ndiyo ilipandisha moto, na ukizipandisha kila moja kivyake zilingane, umezima ule moto wao.

Seti nilizotumia ni 44100 Hz, biti 24, steryo. Dakika moja inakula kama megabaiti 16, kwa hivyo saidi ya dakika nne ni kama 64. Hata kama santuri ni mono, rekodi steryo kwanza, juu mara nyingine upande mmoja wa mfereji umechakaa kuliko mwingine, na baadaye unaweza kuchagua ule msafi.

Kukata ngoma ndiyo kazi ya mwisho, na ni ya masikio. Kwa santuri kubwa ya LP, Audacity inaweza kukutafutia mapengo kati ya ngoma, lakini kwa santuri iliyotumika hakuna kimya cha kweli. Pengo limejaa vumbi, na programu inadhani ngoma inaendelea. Afadhali ufanye mwenyewe. Weka kishale kidogo kabla ya noti ya kwanza, kama sehemu mbili za kumi za sekunde, bonyeza `Ctrl+B`, andika jina. Mwisho wa ngoma usikate mpaka mlio umezama ndani ya kelele ya santuri. Ukimaliza nenda `File > Export Audio`, chagua `Multiple Files`, na kila lebo inakuwa faili yake.

Kwa single za benga kazi inageuka: hapa unaunga. Ile yangu, saidi A inaisha kwa kufifia na saidi B inaanza katikati ya gita lile lile. Nilihesabu mzunguko wa gita, nikatafuta pigo lake la kwanza kwa saidi zote mbili, nikabonyeza `Z` ndiyo mkato uangukie pale wimbi liko sifuri, juu ukikata kileleni utaskia "tak". Nikatupa ule mwisho uliofifia, nikashikanisha. Kisha nikapandisha ngoma nzima pamoja, mara moja, hadi kilele kikafika `-1`. Nilihifadhi FLAC ya kuweka, na MP3 ya kumtumia guka kwa simu. Na zile rekodi mbili mbichi, kabla ya mkato, nikaziacha bila kuguswa, juu huenda kesho masikio yangu yakawa mazuri kuliko ya leo.

Si mimi wa kwanza kushughulikia ngoma za guka. Mwanamuziki Joseph Kamaru alituacha 2018, na mjukuu wake, anayejulikana kama KMRU, amekuwa akirudisha kazi zake mtandaoni. Huyo alirithi jina kubwa. Wengi wetu tumerithi katoni chini ya kitanda, na ndani kuna single ambazo pengine hakuna mtu mwingine amebaki nazo.

Nilimpigia guka nikamchezea ile ngoma nzima, bila kugeuza. Akanyamaza hadi mwisho, halafu akasema hajawahi kuiskia ikipita pale katikati bila mtu kuinuka kugeuza santuri.

Kama uko na katoni kwenu, ifute vumbi, funga waya ya graundi, piga picha ya lebo na namba zake. Halafu usianze na saidi A.