Akaunti ya kompyuta ikifungwa kila asubuhi: Nywila kuukuu huenda ndicho chanzo

Ni siku ya kufungua shule. Wazazi wamepanga foleni mbele ya dirisha la mhasibu wakisubiri risiti za karo. Mhasibu anaandika nywila yake kwa uangalifu na kompyuta inafunguka. Dakika chache baadaye, folda ya karo inakataa, printa inanyamaza, na ujumbe unasema akaunti imefungwa. Afisa wa TEHAMA anaifungua. Kabla ya saa nne, imefungwa tena.

Hali hii inaweza kuikumba ofisi yoyote yenye kompyuta za Windows zinazotumia folda na printa kwa pamoja kupitia seva, iwe ni shule Nkubu, zahanati Maua au chama cha ushirika Runyenjes. Mara nyingi mhusika hulaumiwa kwamba amesahau nywila, ilhali anayekosea ni kompyuta yenyewe.

Kinachotokea

Mtu anapounganisha folda au printa ya seva, Windows humuuliza kama iyakumbuke maelezo yake. Akiweka alama kwenye `Remember my credentials`, jina na nywila huhifadhiwa mahali panapoitwa `Credential Manager`. Akibadilisha nywila yake baadaye, nakala hiyo haibadiliki. Kompyuta huendelea kuituma kwa seva kimyakimya, na kila jaribio huhesabiwa kama kosa. Makosa yakifikia kiwango kilichowekwa na ofisi, seva huifunga akaunti.

Tatizo laweza pia kuchelewa kujitokeza. Seva za Windows zinazotunza kumbukumbu ya nywila hazihesabu kosa iwapo nywila iliyotumwa ni mojawapo ya mbili za mwisho katika kumbukumbu hiyo. Kwa hivyo, nakala iliyohifadhiwa zamani huenda ikaanza kuleta usumbufu baada ya nywila kubadilishwa zaidi ya mara moja.

Jinsi ya kutambua

Zima kompyuta inayoshukiwa, akaunti ifunguliwe, kisha mhusika atumie kompyuta nyingine. Akifanya kazi bila kufungiwa, basi nywila kuukuu imo katika ile iliyozimwa.

Hatua za kufuata

Mhasibu wetu afungue `Command Prompt` kwa njia ya kawaida, si kama msimamizi, kwa sababu akiifungua kama msimamizi huenda asione folda alizounganisha. Amri ya kwanza huonyesha miunganisho iliyopo. Ya pili huondoa ule wa folda ya karo, ambao kwake una herufi Z.

```
net use
net use Z: /delete
```

Kuondoa muunganisho hakufuti faili zilizo kwenye seva.

Kisha afungue `Control Panel`, aingie `User Accounts`, `Credential Manager`, halafu `Windows Credentials`. Kila ingizo lina jina la seva, jina la mtumiaji na tarehe ya kubadilishwa iliyoandikwa `Modified`. Lenye tarehe ya kabla ya mara ya mwisho alipobadilisha nywila ndilo la kushukiwa. Abonyeze `Remove`.

Hapa ndipo wengi hukwama. Seva moja yaweza kuwa na maingizo mawili. Mhasibu alifuta lile la `SERVA`, jina ambalo folda ya karo hutumia, lakini akaunti ikafungwa tena. Chini kidogo palikuwa na `192.168.1.10`, ambayo ni seva ileile kwa nambari zake. Ingizo hilo lilibaki tangu siku za printa ya zamani ambayo hakuna anayeitumia. Ilimbidi alifute, kisha aiondoe printa hiyo kwenye `Printers & scanners`.

Maingizo yanayoanza kwa `MicrosoftAccount` hayahusiani na folda wala printa, kwa hivyo yaachwe.

Baada ya hapo, awashe kompyuta upya, afisa afungue akaunti, na folda iunganishwe tena kwa nywila mpya.

Ikiwa bado inafungwa

Huenda nywila kuukuu imo kwenye simu inayopokea barua pepe za ofisi, au kwenye kompyuta nyingine ambayo mhusika hakutoka alipomaliza kazi. Afisa wa TEHAMA atazame kumbukumbu za usalama za seva, tukio nambari `4740`. Kwa kawaida huonyesha jina la kompyuta ambako majaribio yalitoka, na hivyo hakuna haja ya kukagua mashine zote.

Kuondoa kabisa kikomo cha makosa si suluhisho, kwa kuwa kikomo hicho ndicho humzuia mtu anayebahatisha nywila asiendelee kujaribu. Vilevile, mhasibu asitumie akaunti ya mwenzake foleni inaposongamana, kwani risiti zote zitaonekana zimetolewa na mtu ambaye hakuzitoa.