Barua inayokuita tena lopitali si barua ya kukufukuza kazi

Ndugu watumikaji, na nyinyi bamama mnaofua nguo za mini kila Yenga, leo tunazungumza juu ya karatasi moja ndogo. Ni ile barua inayokuja kisha vizite medikali ya mwaka na kusema: matokeo yako si ya kawaida, rudi.

Sisi wa delegasyo sendikali tumeona barua hizi mara nyingi, na tumeona zinapoishia: ndani ya mufuko wa ovaroli, chini ya matela, hata ndani ya moto wa makala. Tuwaelezee habari ya mwenzetu mmoja, foreze, miaka 14 chini ya udongo. Ametupa ruhusa ya kusema, ila jina lake tunaliacha.

Alipigwa radio ya kifua kama sisi wote. Kisha siku 9, shefu wa ekipi akamupa barua mbele ya wenzake, wakati wa kugawa kazi. Haikufungwa. Ilikuwa na mistari mitatu ya Kifaransa. Ndani yake alielewa maneno mawili tu: "anomali" na "kontroli". Hapakuwa siku ya kufika, wala namba ya mulango, wala jina la munganga. Wenzake wakaangalia chini. Yeye akakunja barua akashuka kazini.

Siku 23 barua ililala katika mufuko. Muke wake njo aliikuta, siku ya kufua.

"Baba, hii barua iko mu mufuko tangu lini?"

"Acha. Ni ya kazi. Banataka kunifukuza."

Mama huyo hakuacha. Jioni ile alitufikia na barua mukononi, ikiwa bado na unyevu. "Yaya, weye njo delege. Utusomee."

Tukawasomea, na tunawasomea nanyi sasa.

Barua ya namna hii haisemi kwamba una ugonjwa. Inasema kwamba picha imeonyesha kitu ambacho picha yenyewe haiwezi kukipa jina. Kwa sisi watu wa vumbi jambo hili ni la kweli kabisa. Vumbi ya mawe ya silisi inayotoka katika foraji inaingia mpaka chini kabisa ya mapafu na kuacha makovu: njo silikosi. Makovu hayo yanapenda sehemu ya juu ya mapafu. Kifua kikuu nacho kinapenda pale pale. Nimonia inaweza kuacha doa, na ugonjwa wa zamani uliopona pia. Munganga akiangalia radio peke yake hawezi kuyatenganisha yote. Lazima atafute kitu kingine, na kitu hicho ni makohozi.

Kuna sababu ya pili ya kutokungoja. Mapafu yenye silisi yanashindwa kupigana na mikrobi ya kifua kikuu. Mtu wa silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko jirani yake asiyevuta vumbi, na hatari hiyo inamufuata hata akiacha kazi ya mini. Na kama ni kifua kikuu, kila usiku anaokohoa ndani ya chumba kimoja na watoto, anawapelekea hewa hiyo. Mwenzetu alikuwa na mtoto wa miaka 3. Hizo siku 23 hazikuwa zake peke yake.

Kesho yake, saa moja ya asubuhi, tulimusindikiza lopitali. Alichukua vitu vinne: barua, karatasi ya radio, kitambulisho, na dawa zote alizokuwa akinunua sokoni kwa ajili ya kukohoa. Hizo dawa ni za kuonyeshwa, msizifiche. Munganga alimuuliza: unakohoa tangu lini? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito? Umewahi kutunzwa kifua kikuu mbele? Kwa swali la mwisho alijibu hapana. Mushike jibu hilo, litarudi.

Akapewa kopo mbili za makohozi, moja ya pale pale, nyingine ya asubuhi ya kesho. Wengi wanakosea hapa. Wanatema mate, na mate hayafai. Unasukutua kinywa kwa maji, unatoka nje penye hewa, mbali na watu, unavuta pumzi ndefu mara mbili ama tatu, kisha unakohoa kutoka chini ya kifua. Kinachotoka kizito njo labo wanakitaka. Unafunga kopo vizuri na kuipeleka siku ile ile.

Labo ilitumia mashini ya GeneXpert. Inachukua chini ya saa mbili, na inajibu maswali mawili: mikrobi ya kifua kikuu iko? Na kama iko, inashindana na dawa ya rifampisini? Rifampisini njo dawa kubwa ya matunzo haya. Mikrobi isiyoiogopa inahitaji dawa zingine, na matunzo yake ni mazito zaidi.

Siku mbili zikapita. Barua ya pili ikafika, na sasa angalieni tofauti. Ililetwa nyumbani na infirmye mwenyewe, ndani ya anvelopu iliyofungwa, imeandikwa Kiswahili. Kwa ruhusa ya mwenzetu tunaiweka hapa, bila jina lake:

"Jambo Baba. Tunakuomba ufike kwetu kesho, kazi ine, saa mbili ya asubuhi, mulango namba 4, ukiwa na barua hii. Makohozi yako yameonyesha mikrobi kidogo sana ya kifua kikuu. Mashini imesema pia kwamba mikrobi hiyo pengine inashindana na dawa moja. Jibu hili la pili halijahakikishwa. Tunahitaji makohozi mapya ili turudie. Usinunue dawa yoyote sokoni. Ukitema damu ama ukikosa pumzi, usingoje kesho, fika leo hata usiku. Ukishindwa kufika, piga simu kwa namba iliyo chini, tutakuja. Barua hii ni yako peke yako. Haikutumwa kwa kompanyi."

Mwenzetu aliisoma mara mbili. Kisha akasema: "Basi banajikosea. Kama bako narudia, ile mashini haijui kitu."

Wengi wanawaza hivyo, na njo pale wanakimbia. Tulimuuliza munganga mbele yake, na munganga akaeleza polepole. Mashini kuiona mikrobi ni jambo moja, na kuona kama inashindana na dawa ni jambo lingine. Mikrobi ikiwa kidogo sana ndani ya kopo, mashini inaweza kuona rezistansi isiyokuwapo. Tena mtu ambaye hajawahi kutunzwa kifua kikuu, na hajaishi na mgonjwa wa rezistansi, si mtu tunayemutazamia kuwa nayo. Mukumbuke lile jibu la "hapana". Kwa mtu kama huyo, jibu la rezistansi linarudiwa kwa makohozi mapya, na jibu la pili njo linafuatwa. Ingekuwa mtu aliyekwisha kutunzwa mara mbili, ama muke wake ana rezistansi, munganga angeamini jibu la kwanza haraka zaidi.

Kwa hiyo kurudia haikuwa dawari ya labo. Bila kurudia, mwenzetu angeweza kupewa dawa nzito bila sababu. Na kama rezistansi ingekuwa ya kweli, akaanza dawa za kawaida na kujificha, mikrobi ingekula nguvu mbele ya macho yetu.

Alirudi kazi ine, saa mbili kasoro. Makohozi mapya yakajibu: mikrobi iko, rezistansi hakuna. Akaanza matunzo kwenye kituo cha CSDT: miezi 2 ya dawa nne pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Munganga alimwambia mbele kwamba, kama silikosi itahakikishwa, anaweza kurefusha matunzo. Dawa hizo ni za bure. Mama na watoto wakapimwa. Mtoto wa miaka 3 hakuwa na dalili, akapewa dawa ya kinga.

Tuongeze jambo moja, maana wengine watakuta kinyume. Mashini ikisema mikrobi haiko, habari haijaisha kama doa lingali kwenye radio. Makohozi mabaya ama kidogo yanaweza kuficha mikrobi. Utaitwa tena kwa radio ya pili, na barua hiyo ya tatu nayo lazima uifuate. Hapo pia swali la silikosi linafunguliwa. Silikosi ni ugonjwa wa kazi, na ugonjwa wa kazi unapelekwa CNSS. Kwa hiyo makaratasi yote, tangu barua ya kwanza, yawekwe nyumbani pamoja na radio. Hata ile iliyoandikwa vibaya.

Sasa tuseme juu ya woga, maana woga njo uliweka barua mufukoni siku 23. Munganga wa kazi haruhusiwi kumwambia patron ugonjwa wako. Siri ya munganga ni sheria. Anachopeleka kwa kompanyi ni neno moja tu: anafaa kazi, anafaa kazi ya namna fulani, ama hafai kwa sasa. Mtu akiwa mgonjwa, mkataba wake unasimama, hauvunjiki siku ile. Shefu akikuuliza "una nini?", una haki ya kujibu: "Muulize munganga." Na akikufukuza kwa sababu ya barua, usisaini kitu, tufikie siku ile ile.

Barua ya kwanza, tuseme wazi, ilikosewa. Kisha jambo hili tuliingia mkutanoni na kompanyi, ambayo hatuitaji hapa, tukiomba mambo matatu. Moja: barua ya kuita mtu tena ifungwe na kupewa mwenyewe, si shefu wa ekipi. Mbili: iandikwe Kiswahili pembeni ya Kifaransa, ikiwa na siku, saa, mulango, namba ya simu, na sababu ya kurudi. Tatu: mtu asipofika kisha siku tatu, infirmye amutafute nyumbani. Mawili ya kwanza yamekubaliwa. La tatu wanasema infirmye ni wachache. Hatujaliacha.

Mwenzetu yuko mwezi wa 5 wa matunzo. Amerudi kazini kwa karatasi ya munganga, juu ya udongo, katika magazini, mbali na foraji. Anakula, amerudisha kilo. Ile barua ya kwanza, yenye alama ya sabuni, iko ndani ya farde pamoja na radio. Muke wake njo anaitunza. Na kila siku ya kufua, anatuambia, anapekua mifuko yote mbele ya kutia ovaroli katika maji.