Akaunti bandia za nyumba za wageni zinavyofichuliwa kwa ratiba

MGENI anayekwenda Mangapwani, Mkoa wa Kaskazini Unguja, kutazama pango la matumbawe na chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa, mara nyingi huchagua mahali pa kulala kwa kutazama picha kwenye simu yake. Picha hizo hizo ndizo mtaji wa matapeli.

Tapeli hunakili picha na jina la nyumba ya wageni, hufungua akaunti inayofanana nayo kwenye Instagram au Facebook, kisha huwaandikia wateja akidai malipo ya awali. Mwenye nyumba hujua siku mgeni anapofika mlangoni na ujumbe wa malipo mkononi, ilhali chumba hakikuwekwa na fedha zimekwenda kwa mtu mwingine.

Njia ya kumwahi tapeli ni kumtafuta kwa ratiba: mara moja kwa wiki, siku ile ile, na mara mbili katika msimu wa wageni wengi.

Kazi huanza kwa orodha ya majina. Tuseme, kwa mfano tu, akaunti halisi inaitwa nyumbayapwani. Tapeli hawezi kulichukua jina hilo kwa kuwa lina mwenyewe, hivyo hulibadili kidogo. Huweka nukta au mstari, kama nyumba_ya_pwani. Huongeza neno, kama nyumbayapwani_booking. Hurudia herufi ya mwisho, nyumbayapwanii. Au huandika r na n mahali pa m, nyurnbayapwani, ambayo kwenye skrini ndogo jicho halitambui upesi. Majina kumi ya namna hiyo yaandikwe mara moja, kisha yatafutwe yote kila wiki katika kila mtandao.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hutafuta kwa akaunti ya biashara yenyewe, wasione kitu, wakaridhika. Tapeli mzoefu huanza kwa kuizuia akaunti halisi, na aliyezuiwa haioni akaunti bandia hata akiandika jina lake sawasawa. Kwa hiyo utafutaji ufanywe kwa simu na akaunti ya mtu mwingine asiyejulikana kuwa na uhusiano na nyumba hiyo.

Baada ya hapo hutafutwa kwenye Google, kwa maneno haya:

```
site:instagram.com "nyumba ya pwani" mangapwani
```

Picha mbili au tatu zinazojulikana zaidi hupitishwa kwenye Google Lens kuona zimetokea wapi kwingine. Hata hivyo, Google huchelewa kuziona akaunti mpya, na nyingine haizioni kabisa. Ni nyongeza tu. Haichukui nafasi ya kutafuta ndani ya mtandao wenyewe.

Kila kinachoonekana huandikwa daftarini: tarehe, jina la akaunti, kiungo chake, namba ya simu iliyotajwa na hatua iliyochukuliwa. Faida ya daftari ni kulinganisha. Akaunti ambayo wiki iliyopita haikuwapo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Kwenye Instagram, sehemu iitwayo "About this account" huonyesha mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa. Iliyozaliwa mwezi huu, ikiwa na picha za miaka mitano, inajieleza yenyewe.

Si kila jina linalofanana ni la tapeli. Mangapwani ni jina la kijiji, na yeyote anaweza kulitumia. Wakala naye huweza kutumia picha kwa ruhusa. Dalili nzito ni tatu zikikutana: jina, picha, na namba ya malipo isiyo ya mwenye nyumba.

Kabla ya kuripoti, ukurasa wote upigwe picha ya skrini, pamoja na kiungo na mazungumzo na mteja, kwa sababu tapeli akishtuka hubadili jina au hufuta akaunti. Ripoti ya kunakili alama ya biashara huulizwa usajili, ambao Zanzibar hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Asiyesajili bado ana njia: aliyepiga picha anaweza kulalamikia hakimiliki yake bila cheti.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inafanya kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai. Ushahidi wa daftari na picha za skrini hupelekwa polisi, na namba ya simu ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Ratiba haimzuii tapeli kufungua akaunti, wala haifichui iliyofungwa isionekane na watu. Inachofanya ni kupunguza muda wake wa kuvuna: badala ya msimu mzima, anabaki na siku chache kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.