Thamani-p katika Jedwali la Kitini: Namna ya Kuisoma Safu ya Mwisho

Wanafunzi wengi wa uzamili wa Kiswahili hukutana na takwimu kwa mara ya kwanza katika somo la mbinu za utafiti, na aghalabu hukutana nazo katika nakala ya skani iliyofifia. Ndivyo ilivyotokea kwa mwandishi wa makala haya na mwenzake mmoja. Kitini tulichopewa kilikuwa na jedwali lililotayarishwa na mhadhiri kwa ajili ya kufundishia, wala si matokeo ya utafiti uliofanywa. Mwenzangu alikuwa akiandaa pendekezo lake la utafiti juu ya makosa ya wanafunzi wa Bungoma, na alinuia kulifuata jedwali hilo kama kielelezo. Katika safu ya mwisho yeye alisoma "43", mimi nikasoma "71". Sote wawili tulikuwa tumekosea.

Mfano wa kitini ulikuwa huu. Katika Lubukusu, vipasuo ghuna kama /d/ na /g/ hutokea baada ya nazali. Kwa hiyo inatarajiwa kwamba baadhi ya wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Lubukusu wataandika "tawati" badala ya "dawati", au "kari" badala ya "gari". Kitale, mji ambao wakazi wake wana lugha za kwanza nyingi, ulichukuliwa kama upande wa kulinganishia. Wanafunzi 40 wa Bungoma na 40 wa Kitale walidhaniwa kuandika imla moja. Waliofanya kosa hilo walikuwa 22 upande wa Bungoma na 13 upande wa Kitale. Chini yake palikuwa na matokeo ya programu ya SPSS, ambayo katika nakala safi husomeka hivi:

```
                        Value   df   Asymp. Sig. (2-sided)
Pearson Chi-Square      4.114    1   .043
Continuity Correction   3.251    1   .071
```

Jambo la kwanza ni nukta. SPSS haiandiki sifuri mbele ya nukta, huandika ".043" na siyo "0.043". Skani ikiimeza nukta hiyo, msomaji hubaki na "043" au "43". Ikumbukwe kwamba thamani-p haiwezi kuzidi 1, hivyo namba yoyote kubwa kuliko hiyo katika safu hii ni ishara kwamba nukta imepotea. Vivyo hivyo, ".000" haimaanishi sifuri. Maana yake ni kwamba thamani ni ndogo kuliko 0.0005, na katika tasnifu huandikwa p < .001.

Iwapo maandishi hayasomeki kabisa, msomaji anaweza kuikokotoa upya safu ya kwanza kutokana na idadi zenyewe. Bungoma waliokosea ni a = 22 na wasiokosea b = 18; Kitale c = 13 na d = 27. Kanuni ni hii:

```
N(ad − bc)² / [(a+b)(c+d)(a+c)(b+d)]
80(594 − 234)² / (40 × 40 × 35 × 45) = 4.114
```

Majedwali ya vitabuni yanaonyesha kwamba, pale df ikiwa 1, thamani ya 3.841 hulingana na p ya 0.05. Kwa kuwa 4.114 imezidi kidogo 3.841, p yake lazima iwe chini kidogo ya 0.05. Kwa hiyo ".043" ndiyo iliyoandikwa pale.

Sasa namba hiyo inasema nini? Tuchukue kadi 80, na 35 kati yake tuzitie alama, kwa kuwa wote waliokosea ni 22 na 13. Tuzichanganye vizuri, kisha tugawe 40 upande wa Bungoma na 40 upande wa Kitale bila kuangalia. Mgawo huu ni picha ya ulimwengu ambamo mahali hapana uhusiano wowote na kosa. Kila upande ungetarajiwa kupata kadi za alama 17 au 18, lakini mara nyingine bahati itaupa upande mmoja 20 na mwingine 15. Thamani-p ni jibu la swali hili: katika ulimwengu huo, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii yetu ya 22 kwa 13, au kubwa zaidi, kwa upande wowote ule?

Mchezo huu wa kadi ukirudiwa mara nyingi, jibu huja karibu mara 7 katika kila 100. Hilo linakaribiana na mstari wa pili (.071) kuliko wa kwanza (.043). Sababu ni kwamba kadi haigawanyiki. Tofauti baina ya pande mbili huruka kutoka 7 hadi 9, ilhali mstari wa kwanza hutumia mkunjo laini usio na miruko. Mstari wa pili huurekebisha mkunjo huo. Wanatakwimu hawajakubaliana kuhusu mstari wa kufuatwa. Wapo wanaoyaona marekebisho hayo kuwa makali kupita kiasi. La muhimu kwa mtafiti ni kuchagua kipimo kabla ya kuyaona matokeo. Anayesubiri aone mstari upi uko chini ya 0.05, kisha akauchagua, amejipendelea.

Mpaka huo wa 0.05 wenyewe si sheria ya maumbile. R. A. Fisher, katika kitabu chake cha 1925, aliupendekeza uwiano wa moja kwa ishirini kuwa mpaka unaofaa kwa matumizi. Data ile ile iliyotoa .043 na .071 haikubadilika, kilichobadilika ni namna ya kukadiria.

Makosa mawili ya ufasiri yafaa yaepukwe. Kwanza, .043 haimaanishi kwamba uwezekano wa kutokuwapo kwa tofauti ni asilimia 4.3. Hesabu yote ilianza kwa kudhani kwamba tofauti haipo, basi haiwezi kuupima ukweli wa dhana hiyo. Pili, p haipimi ukubwa wa tofauti. Ukubwa husomwa katika asilimia: 55 kwa 32.5, yaani tofauti ya pointi 22.5. Kwa wanafunzi wachache hivi, kadirio la kiwango cha asilimia 95 huanzia karibu pointi 1 hadi karibu 44. Upana huo unamfahamisha msomaji mengi kuliko safu ya mwisho.

Kuna jambo moja ambalo jedwali haliwezi kulionyesha. Hesabu hudhani kwamba kila mwanafunzi ni kadi inayojitegemea. Iwapo wote 40 wa Bungoma wametoka katika darasa moja la mwalimu mmoja, huenda tunachokipima ni ufundishaji wake, wala si athari ya Lubukusu. Hapo hata p ya .001 haitatuokoa.

Mwenzangu alilibadilisha pendekezo lake kwa sababu hiyo. Badala ya shule moja kila upande, sasa atachukua wanafunzi wachache kutoka shule nyingi za Bungoma na Kitale, atawauliza lugha yao ya kwanza badala ya kuikisia kutokana na mahali, na kipimo atakachotumia kimekwisha kutajwa katika sura yake ya tatu.