Ufunguo wa Siri Haufichi Kitu

Kila muhula swali hurudi lile lile, na wanaouliza ni wanafunzi wa usalama wa taarifa waliokwisha kufaulu mtihani wa kwanza: "Mwalimu, nikisimba faili kwa ufunguo wangu wa siri, si litakuwa salama zaidi?" Hapana. Atakayelifumbua anahitaji ufunguo wako wa umma tu, na huo umeugawa mwenyewe kwa kila mtu.

Tuchukue mkusanya takwimu aliyeko Lupiro, bonde la Kilombero, anayehesabu mbu walionaswa usiku na kupeleka matokeo kwa msimamizi aliyeko Bagamoyo. Msimamizi amegawa makufuli yake yakiwa wazi, funguo kabaki nazo. Mkusanyaji anatia karatasi sandukuni, anabana kufuli, anapakia sanduku kwenye basi la Ifakara. Akishabana, hata yeye hawezi kulifungua. Huo ndio usimbaji kwa ufunguo wa umma: kufunga ni kwa yeyote, kufungua ni kwa mmoja.

Sasa angalia kinachokosekana. Makufuli hayo yamezagaa. Mtu yeyote pale stendi anaweza kuiba sanduku, kuandika hesabu zake za uongo kwenye karatasi nyingine, kuzitia katika sanduku linalofanana na kubana kufuli lile lile. Msimamizi atalipokea likiwa limefungwa barabara, asijue limetoka kwa nani. Usiri anao, uthibitisho wa mtumaji hana. Kazi hiyo ni ya sahihi ya kidijitali, na hapa mfano wa kufuli unakoma. Wanaoulazimisha kuendelea, wakasema kusaini ni "kusimba kinyumenyume", ndio wanaozaa lile swali la kila muhula.

Tuutazame uzushi huo kwa tarakimu za RSA, ndogo kiasi cha kukokotoa kwa mkono. Namba ya pamoja ni 33, ufunguo wa umma ni 3, wa siri ni 7. Kusaini 5, piga 5 kipeo cha 7, upate 78125. Gawanya kwa 33, baki ni 14. Hiyo 14 ndiyo sahihi. Mhakiki anachukua 14 kipeo cha 3, yaani 2744, anagawanya kwa 33, anapata baki 5. Imekubali. Lakini hakutumia siri yoyote. Aliyeinasa 14 njiani ameipata 5 vile vile, kwa hiyo hakuna kilichofichwa.

Kuna baya zaidi. Mimi sina ile 7, ila natangaza kwamba sahihi ni 2. Napiga 2 kipeo cha 3, napata 8. Nawasilisha 8 kama ujumbe na 2 kama sahihi yake, na uhakiki unapita! Nimeghushi bila kugusa ufunguo wa siri. Ukubwa wa namba hauzuii hila hii. Ukiwa na ufunguo wa biti 2048 bado inafanya kazi, mradi unasaini ujumbe mtupu.

Ndiyo maana mifumo halisi haisaini ujumbe wenyewe. Faili hupitishwa kwanza kwenye SHA-256, ukatoka muhtasari wa biti 256, kisha muhtasari huo hupangwa kwa utaratibu maalumu kama PSS ndipo usainiwe. Mghushi bado anaweza kuanza na sahihi ya kubuni, lakini namba itakayotoka lazima iwe na mpangilio huo na ilingane na muhtasari wa faili halisi. Kwa kompyuta zilizopo, hafiki. Na Ed25519, inayotumika sana leo, haina kabisa tendo la kusimba. Inasaini na kuhakiki tu. Anayesema sahihi ni usimbaji atueleze hapo kinasimbwa nini.

Basi, kwa ufunguo wa RSA, fanyeni hivi. Mtumaji asaini kwa ufunguo wake wa siri, na mpokeaji ahakiki kwa ufunguo wa umma wa mtumaji:

```
openssl dgst -sha256 -sign siri.pem -out mbu.sig mbu.csv
openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -signature mbu.sig mbu.csv
```

Jibu jema ni `Verified OK`. Likija `Verification failure`, kabla ya kumshuku mtu ulizeni kama kuna aliyelifungua faili kwenye Excel akalihifadhi: muundo wa tarehe ukibadilika, au hata alama za mwisho wa mstari, muhtasari hubadilika wote. Ombeni nakala ya awali. Mkitaka na usiri, simbeni faili pamoja na sahihi yake kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, kwa programu kama GPG, kwa kuwa RSA peke yake haibebi faili kubwa. Kabla ya kusaini, ndani ya faili andikeni jina la mpokeaji na tarehe, ili sahihi ya jana isipelekwe kwingine kesho. Na `umma.pem` isiaminiwe kwa kuwa tu imekuja kwa barua pepe. Mpigieni simu mwenyewe, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, awasomee alama ya ufunguo wake herufi kwa herufi.