Kalemie: Tableti iliyozama ndani ya mfereji na siku 4 za kazi za vibarua 120

Tableti ilianguka Alhamisi, saa 8 mchana, wakati karani alipokuwa akivuka mfereji juu ya ubao uliolowa mvua. Aliivuta haraka kutoka kwenye maji machafu, akaifuta na kitenge chake, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kilibaki cheusi. Ndani ya tableti hiyo mlikuwa mahudhurio ya vibarua 120 waliokuwa wakisafisha mifereji katika mtaa mmoja wa Kalemie, jimbo la Tanganyika, tangu Jumatatu.

Vibarua hawa wanalipwa kwa siku. Aliyefika na kufanya kazi anaandikwa, na asiyeandikwa hapati feza. Wamegawanywa katika ekipe 6 zenye watu 20 kila moja, na kila ekipe ina kapita wake. Malipo hutoka baada ya siku 10 za kazi. Kwa hiyo Alhamisi hiyo, siku 4 kwa watu 120, yaani siku 480 za jasho kama wote walikuwepo, zilikuwa zimefungwa ndani ya kifaa kilichokufa.

Karani hakuogopa sana mwanzoni. Kwake, tableti ilikuwa ikituma yenyewe. Alikuwa akitumia KoboCollect, aplikesheni ambayo mashirika mengi ya mashariki mwa Congo huijua, na wakati wa mafunzo ofisini aliona kwa macho yake fomu zikiondoka bila yeye kugusa kitu. Jioni ofisi ilifungua seva kutafuta fomu za juma hilo. Hapakuwa hata moja.

Sababu ilikuwa ndogo mno. Katika mipangilio ya aplikesheni, sehemu inayoitwa `Auto send` ilikuwa imewekwa kwenye `Wi-Fi only`. Ofisini kuna Wi-Fi. Kwenye mfereji kuna laini ya simu tu. Tableti ilitii ilichoambiwa: ilingoja Wi-Fi kwa siku 4. Na dalili ilikuwepo muda wote kwenye ukurasa wa kwanza, pembeni ya maneno `Ready to send`. Namba iliyo hapo ni ya fomu zilizokamilika ambazo bado hazijaondoka. Jumatatu jioni ilikuwa 6, Jumanne 12. Karani alidhani namba hiyo inahesabu kazi nzuri aliyofanya.

«Nilifurahi kuiona ikipanda», alituambia, akicheka kidogo kwa uchungu.

Ijumaa na Jumamosi zilipita katika kukumbuka. Makapita waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja na orodha ya watu wake, wakaulizwa nani alikuwepo Jumatatu, nani Jumanne. Ofisi iliandika majibu ndani ya Excel. Mnaweza kufikiria hali ilivyokuwa nje ya mlango. Mama mmoja wa ekipe ya 3 aliapa kwamba Jumatano alifanya kazi hadi jioni, na kapita wake akasema hakumwona. Nani angemshinda mwingine kwa maneno?

Ni ekipe moja tu iliyomaliza bila kelele. Kapita wa ekipe ya 1, mzee aliyefanya kazi ya reli zamani, alikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Tangu siku ya kwanza, bila kutumwa na mtu, aliandika majina kila asubuhi na kuweka alama jioni. Ofisi ilikuwa imewaambia makapita kwamba karatasi imekwisha kazi yake. Yeye alijibu kuwa daftari lake halihitaji kuchajiwa.

Hadithi ingeishia hapo kama tableti ingebaki imekufa. Lakini Jumatano ya juma lililofuata, fundi mmoja wa sokoni aliifungua, akaikausha, akabadilisha betri, na ikawaka. Alipelekewa ombi moja tu: asiiondoe aplikesheni na kuiweka upya, asiirudishe tableti kwenye hali ya kiwanda. Wengi wanapenda kuanza na dawa hiyo kifaa kinapokwama, na ndiyo inayomaliza kila kitu, kwa sababu kwenye Android za sasa fomu ambazo hazijatumwa zinakaa ndani ya folda ya aplikesheni yenyewe. Aplikesheni ikiondolewa, zinaondoka nayo.

Tableti ilirudishwa ofisini, ikakutana na Wi-Fi, na papo hapo fomu 23 zikaruka kwenda kwenye seva. Watu walipiga makofi. Hapo ndipo tatizo la pili lilipoanza.

Siku za Jumatatu hadi Alhamisi sasa zilikuwepo mara mbili: mara moja kutoka vichwa vya makapita, mara moja kutoka tableti. Mhasibu alipounganisha orodha hizo, karibu kila kibarua alionekana kuwa na siku 4 za ziada. Kama jedwali lingepelekwa hivyo, feza ya siku hizo ingetoka mara mbili. Kilichookoa ni mstari mmoja. Kila kibarua ana namba yake, nayo iko katika safu ya A. Tarehe iko katika safu ya B. Katika Excel ya Kifaransa, ambayo ofisi nyingi za kwetu zinatumia, waliandika hivi katika safu ya pembeni:

```
=NB.SI.ENS(A:A;A2;B:B;B2)
```

Mahali popote jibu linapokuwa 2, mtu huyo ameandikwa mara mbili siku hiyo hiyo. Jina halifai kwa kazi hii. Katika ekipe moja mnaweza kukuta akina Kabila wawili na Mwamba watatu, na karani mmoja anaandika jina la mtu kwa namna tatu. Namba haibadiliki.

Kulinganisha orodha hizo mbili kulifundisha zaidi kuliko ajali yenyewe. Makapita walikuwa wamekosea pande zote mbili: wengine walipewa siku ambazo hawakufika, na wachache walinyimwa siku walizofanya. Daftari la mzee lilipishana na tableti mahali pamoja tu. Mtu mmoja aliandikwa asubuhi kwenye tableti, lakini daftari lilionyesha kuwa aliondoka saa 6 mchana kwenda kwenye msiba. Tableti haikuulizwa kuhusu kuondoka, kwa hiyo haikujua.

Na kwa nini fomu 23 wakati ekipe 6 kwa siku 4 ni 24? Fomu ya ekipe ya 3 ya Jumatano ilikuwa haikukamilishwa. Karani aliifungua, akaanza kuweka majina, akaitwa, akaihifadhi kwa `Save as draft`. Fomu ya namna hiyo inabaki kwenye `Drafts` na haitumwi, hata mtandao ukiwa mzuri namna gani, mpaka mtu airudie na kuikamilisha. Ndani yake mlikuwa majina 7. La yule mama halikuwemo, lakini hata majina 12 mengine ya ekipe hayakuwemo.

Tulirudi kwenye mifereji hiyo wakati wa kipindi kilichofuata cha malipo. Saa 1 asubuhi kila kapita alikuwa na karatasi moja ya ekipe yake juu ya ubao mgumu. Juu imeandikwa tarehe, mahali na namba ya ekipe. Chini kuna mistari 20 yenye namba na jina vilivyochapishwa mapema, kisha nafasi mbili za sahihi au kidole gumba: moja ya kuingia, moja ya kutoka. Chini ya karatasi kuna karatasi ya kaboni na nakala. Wanaandika kwa Bic ya kawaida, kwa sababu wino wa kalamu nyingi za jeli hukimbia ukiguswa na maji. Aliyekosea hafuti, anapiga mstari mmoja juu ya kosa na kapita anatia sahihi pembeni. Jumla ya waliokuwepo inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, maana 16 ni rahisi kugeuzwa 18.

Karani hapiti tena akiuliza majina. Anasoma karatasi na kuingiza kwenye tableti, kisha kapita anasoma jumla kwa sauti. Zikipishana, zinasahihishwa palepale, watu wakiwa bado wamesimama. Waliamua pia mapema kitu ambacho ofisi nyingi huamua baada ya ugomvi: karatasi na tableti zikipingana baadaye, karatasi yenye sahihi ndiyo inayofuatwa.

Jioni karatasi za juu zinaenda ofisini ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala za kaboni zinabaki nyumbani kwa makapita. Ndiyo maana yake kuwa na nakala: karatasi na tableti zikilala ndani ya begi moja, pikipiki moja ikianguka mtoni vyote vinaondoka. `Auto send` sasa imewekwa kwenye `Wi-Fi or cellular`. Fomu za maandishi matupu ni nyepesi, megabaiti chache zinatosha siku nyingi. Kilichokuwa kikila feza ya mtandao ni picha ya uso wa kila mtu, nayo imeondolewa. Karani haondoki kabla `Ready to send` na `Drafts` hazijarudi sifuri. Lakini hata sifuri hiyo haitoshi peke yake. Ofisi inafungua seva upande wake, inahesabu, na kumwandikia: fomu 6, watu 114. Akiona namba hiyo inafanana na karatasi zake, anazima tableti.

Kila Ijumaa mhasibu anashusha jedwali zima kutoka kwenye seva na kuliweka mahali pawili, kwenye Google Drive na kwenye flash inayokaa kwa mtu mwingine. Jina la faili linabeba tarehe, mfano `mahudhurio_2025-03-14.xlsx`, na faili la juma lililopita haliguswi. Aliwahi kutumia faili moja lililounganishwa na Drive kutoka ordinatere yake. Siku moja alifuta mistari kwa bahati mbaya, na Drive ikafuta mistari ileile kwa utiifu. Kopi inayofuata makosa yako haikusaidii siku ya makosa.

Tuliuliza kuhusu neno la siri la akaunti hiyo. Kimya kidogo. Namba ya kuthibitisha ilikuwa ikitumwa kwenye laini ya simu iliyomo ndani ya tableti. Kama tableti ingeibwa, ofisi ingebaki nje ya kopi zake yenyewe. Siku hiyohiyo waliongeza namba ya mtu wa pili na kuandika misimbo ya dharura kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini.

Tableti ikigoma asubuhi, hakuna kazi inayosimama. Karatasi zinaendelea, na data inaingizwa kesho yake kwa simu nyingine, na swali moja la ziada kwenye fomu: imetoka wapi? Jibu ni `karatasi`. Hivyo, siku tableti itakapofufuka na kutuma fomu zake za zamani, mhasibu anajua ni mistari gani ya kulinganisha kabla ya kulipa.

Kuhusu ile Jumatano ya ekipe ya 3, kopi haikupatikana popote. Mwishowe ofisi ililipa watu wote 20 siku hiyo, pamoja na yule mama. Kapita wake bado anasema hakumwona. Yeye, tulipomkuta kwenye mstari wa kutoka saa 9 na nusu, aliweka kidole chake gumba kwenye karatasi, akainua ya juu kidogo na kuangalia kama alama imefika kwenye nakala ya chini.