Zamu ya Upatu

Huenda wewe msomaji umepata kumsikia mama au shangazi yako akisema, "Mwezi huu upatu ni wangu." Upatu ni mapatano ya watu wachache wanaojuana. Kila mwezi wote hutoa fedha sawasawa, na jumla yake hupewa mmoja wao. Mwezi wa pili hupewa mwingine, na hivyo hivyo mpaka wote wamepata. Mtu azikusanyaye fedha hizo huitwa kijumbe.

Watu wengi hunena kwamba katika upatu hakuna apataye zaidi wala apungukiwaye, maana kila mtu hutoa sawa na kupokea sawa. Neno hilo ni kweli kwa hesabu ya fedha, lakini si kweli kwa hesabu ya wakati. Na tutazame kwa mfano.

Tuseme wanawake kumi wauzao sokoni wamepatana kutoa shilingi 10,000 kila mwezi. Basi kila mwezi kijumbe hukusanya shilingi 100,000. Kila mmoja wao ataka kununua jiko na sufuria kubwa apate kupika maandazi ya kuuza, na bei ya vyombo hivyo ni shilingi 100,000. Kama kila mmoja angeweka akiba peke yake, angengoja miezi kumi.

Mama wa kwanza ametoa shilingi 10,000 tu, naye amepokea 100,000. Basi zile 90,000 zilizozidi si mali yake bado. Ni deni, naye atalilipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi tisa, wala hatozwi riba. Hununua vyombo vyake mara moja. Ikiwa maandazi humpa faida ya shilingi 4,000 kila mwezi, atakuwa amepata 36,000 kabla mama wa kumi hajanunua chombo hata kimoja.

Mama wa tano yu katikati. Siku apokeapo amekwisha kutoa 50,000. Kwa hiyo nusu ya fedha alizopewa ni akiba yake, na nusu ni deni.

Mama wa kumi hutoa kwa miezi tisa bila kupokea hata senti. Kwa kweli yeye ndiye aliyewakopesha wenzake, wala hakupewa riba. Hupata fedha zake mwezi wa kumi, wakati ule ule ambao angezipata kama angeweka peke yake. Na ikiwa bei ya vyombo imepanda ikawa 105,000, hazimtoshi. Faida yake ni moja, nayo si ndogo: fedha zilizokwisha kwenda kwa kijumbe haziwezi kuliwa nyumbani kwa haja ndogo ndogo.

Tena iko hatari, nayo pia hufuata zamu. Tuseme mama wa tatu, akiisha kupokea, ahama mji asionekane tena. Alitoa 30,000, akapokea 100,000. Basi amekwenda na 70,000 za watu. Ni nani apatwaye na hasara? Si mama wa kwanza wala wa pili, kwa kuwa wao wamekwisha kupokea fedha kamili. Wale saba waliosalia ndio watakaopokea 90,000 badala ya 100,000, kila mtu kwa zamu yake. Lakini mama wa kumi hawezi kuwakimbia wenzake na mali yao, maana apokeapo hana deni lolote.

Kwa sababu hiyo kijumbe mwenye akili hapangi zamu ovyo. Mgeni asiyejulikana humweka mwisho, hata akiomba sana kutangulia. Zamu za mbele huwapa wale ambao nyumba zao na kazi zao zajulikana. Wengine hupiga kura, ili asiwepo wa kunung'unika. Na wengine, duru ya kwanza ikiisha, huigeuza zamu: aliyekuwa wa mwisho huwa wa kwanza. Hapo mama wa kumi hupokea mwezi wa 10 na mwezi wa 11, naye mama wa kwanza, aliyepokea mwezi wa 1, hungoja mpaka mwezi wa 20. Hivyo yule aliyekopeshwa hapo kwanza sasa huwa mkopeshaji.

Basi mtu akialikwa katika upatu, asiulize tu, "Nitatoa kiasi gani?" Na aulize pia, "Zamu yangu ni ya ngapi, na hao watakaonitangulia ni akina nani?"

Maswali
1. Mama wa saba, siku apokeapo, ana akiba kiasi gani na deni kiasi gani?
2. Kama mama wa nane angehama baada ya kupokea, ni watu wangapi wangepata hasara?